Hii ni mninga kweli?

"Wakuu nipo Igoma hapa, muuzaji anasema hii ni mninga, picha ya kichwa cha ubao hiyo hapo, ni kweli au ni mkongo?"

Mkuu kwa picha hiyo siwezi kukuambia, yanaonekana makwaruzo ya msumeno tu. Omba wembe mpya, chonga kaeneo kadogo hapo kichwani mpaka kawe laini, paka maji kidogo kisha piga tena kwa karibu, kivulini. Mkongo vile vitundu vya mbao hapo kichwani utaona kila kimoja kimezungukwa na weupe kama kijicho, mninga weupe unaungana unakuwa vijistari vyembamba vya mawimbi. Kuna jamaa kasema cheki michirizi myeusi, sawa mninga mwingi unayo, ila rangi inapakwa bana, mimi niliuziwa nikapeleka kwa fundi, randa ilipopita mara mbili chini mbao nyeupe pee.

— Na kitanda changu cha mninga kinatoka unga, nilipigwa?

Sio lazima dada, angalia unga unatokea wapi, kama ni ule ukingo mweupe wa ubao basi mdudu anaupenda hata kwenye mninga halisi.

— Mi nanusa tu, sikosei.

Haya, ila yeye katuma picha 😂