Masuali ya intigresheni: karatasi moja, uanze na nini na umalizie na nini

Asalaam alaykum. Masuali ya wiki hii karibu yote yametoka kwa vijana wa Fomu Siksi wanaotengeneza karatasi yao ya mwisho ya marudio. Nimechagua matano, na moja nimelijibu kwa urefu kwa sababu ndipo wengi wanapoangukia.

Mwalimu, mimi niko Wete, nna A4 moja tu nataka niijaze njia zote za intigresheni. Juu kabisa niandike nini?

Mdogo wangu, usiandike majina ya njia, andika masuali ya kujiuliza, maana kwenye pepa hakuna anayekwambia "hii fanya kwa sabstitusheni", unapewa kitu kimekaa tu na ni juu yako kukitambua. Suali la kwanza: hii ipo kwenye jadweli la fomula kama ilivyo? La pili: naweza kuipanga upya kwa aljebra kidogo ikawa ipo kwenye jadweli? La tatu: kuna kitu kiko ndani, kwenye mabano au kwenye pawa au chini ya ruti, na dirivetivu yake iko nje inanisubiri? Ukishajibu hapana mara tatu ndo unauliza la nne, hii ni kitu cha aina gani: sehemu ya juu na chini, au vitu viwili vya jamii tofauti vinazidishana, au ruti yenye skwea ndani.

Mpangilio huu unafata gharama. Kutizama jadweli ni sekunde tano, kujaribu sabstitusheni ni nusu dakika na ikikataa unaona hapo hapo kwa sababu x inabaki haiondoki, lakini bai patsi inakula nusu ukurasa kabla hujajua kama umepotea. Chukua hii:

```
∫ x e^(x²) dx
```

Kijana mmoja twisheni aliona x inazidishwa na e akakimbilia bai patsi. Akiichukua x kuwa u anatakiwa aintigreti e^(x²), na hiyo haina jibu la fomula za kawaida hata ukeshe. Akageuza, akapata x³ badala ya x, yaani imezidi kuwa mbaya. Dakika kumi zimekwenda. Angejiuliza suali la tatu kwanza angeona ndani ya pawa kuna x², dirivetivu yake 2x, na x iko nje pale, jibu ni ½e^(x²) + C, mistari miwili.

Na suali la pili usilidharau, watu wanaliruka sana. (x+1)²/√x inatisha mpaka ufungue mabano na kugawa kila kipande kwa ruti, hapo unabaki na pawa tatu za x za kawaida. Na sin²x haina njia yoyote ya ajabu, ibadilishe iwe ½(1 − cos 2x) basi.

Nikiona sehemu tu nakimbilia pasho frakshen, mara inakubali mara inakataa, sielewi kwa nini. Nifate mpangilio gani?

Hili ndo suali lenyewe. Hebu kwanza tizama hizi nne, zinafanana kama ndugu lakini kila moja ina njia yake:

```
∫ x/(x²+4) dx   = ½ ln(x²+4) + C
∫ 1/(x²+4) dx   = ½ tan⁻¹(x/2) + C
∫ 1/(x²−4) dx   = ¼ ln|(x−2)/(x+2)| + C
∫ x²/(x²+4) dx  = x − 2 tan⁻¹(x/2) + C
```

Ya kwanza juu pana dirivetivu ya chini (ukiizidisha kwa 2), kwa hiyo ni logi moja kwa moja. Ya pili ni ya jadweli. Ya tatu peke yake ndo pasho frakshen, kwa sababu chini inafaktaraizi kuwa (x−2)(x+2). Ya nne pawa ya juu imefikia pawa ya chini, hapo lazima ugawe kwanza, unapata 1 − 4/(x²+4), ndo uendelee.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako chini ya "sehemu" uweke mambo manne na uyafate kwa zamu hii hii. Pawa ya juu ni sawa au kubwa kuliko ya chini? Gawa. Juu ni dirivetivu ya chini, au inapishana nayo kwa namba ya kuzidisha tu? Logi. Chini inafaktaraizi? Pasho frakshen. Haifaktaraizi? Kamilisha skwea. Ile inayokukatalia nna hakika ni hii ya mwisho, unalazimisha kuivunja chini wakati haivunjiki. Namna ya kujua ni b² − 4ac, ikiwa hasi acha kutafuta vigawo.

Tufanye moja yenye vyote ndani:

```
∫ (x+3)/(x²+2x+5) dx
```

Pawa ya juu ni 1, ya chini 2, hakuna kugawa. Dirivetivu ya chini ni 2x + 2, juu tuna x + 3, haifanani lakini iko karibu, hilo likumbuke. Inafaktaraizi? b² − 4ac ni 4 − 20, yaani −16, haifaktaraizi. Sasa hapa ndo kazi ilipo: unaiandika ya juu kwa kutumia dirivetivu ya chini. Nusu ya 2x + 2 ni x + 1, na mimi nataka x + 3, basi nimepungukiwa na 2.

```
x + 3 = ½(2x+2) + 2
```

Kipande cha kwanza kinatoa ½ ln(x²+2x+5), na hapo huhitaji alama za kuondoa hasi kwa sababu chini haishuki chini ya 4 hata siku moja. Kipande cha pili ni 2 juu ya x²+2x+5, kamilisha skwea chini iwe (x+1)² + 4, ni ile ya jadweli yenye a = 2, inatoa 2 × ½ tan⁻¹((x+1)/2), ile 2 na nusu zinauana.

```
½ ln(x²+2x+5) + tan⁻¹((x+1)/2) + C
```

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kusahau kile 1/a mbele ya tan⁻¹. Hapa ukikisahau unapata 2 tan⁻¹, na macho hayatakustua kwa sababu jibu linaonekana zuri tu. Andika 1/a hiyo kwa wino mwekundu kwenye karatasi.

Bai patsi nachanganyikiwa kipi niite u, na ile ya e^x sin x naizunguka mpaka najikuta nilipoanza

Kuchagua u fata zamu hii: logi kwanza, kisha invasi za triga kama tan⁻¹x, kisha x na pawa zake, kisha sin na cos, mwisho e. Kinachotokea mapema kwenye zamu ndo u. Sababu yake ni kwamba logi na tan⁻¹ ukizidifarenshieti zinageuka kuwa aljebra nyepesi, x inashuka pawa, lakini e haibadiliki kitu, kwa hiyo hiyo ndo ya kuintigreti. Na ln x ikiwa peke yake ihesabu kuwa inazidishwa na 1, u iwe ln x, jibu x ln x − x + C.

Sasa ya e^x sin x kuzunguka ni sawa kabisa, inatakiwa izunguke, tatizo ni duru ya pili unageuza uchaguzi. Kama duru ya kwanza u ilikuwa sin x, ya pili u lazima iwe cos x. Ukigeuza ukaifanya e^x kuwa u unajirudisha nyuma na unabaki na I = I, hiyo ndo dalili. Ukifata sawa:

```
I = e^x sin x − e^x cos x − I
```

Hapo unaivusha I upande wa pili, 2I, unagawa kwa 2, umemaliza. Kuna duru mbili tu hapo, ya tatu haihitajiki.

Nikiwa ndani ya chumba cha mtihani ntajuaje jibu langu ni sahihi bila kumaliza muda?

Pepa la kwanza la Advansi ni masuali 10 kwa masaa 3, yaani dakika 18 kila suali na vipengele vyake, kwa hiyo ukaguzi usizidi dakika moja. Ikiwa haina limiti, difarenshieti jibu lako. Ikiwa ina limiti, kisia kabla ya kuamini. Chukua ile yetu ya (x+3)/(x²+2x+5) kutoka 0 mpaka 1. Ukiweka 0 ndani ya sehemu unapata 3/5, ukiweka 1 unapata 4/8, na hapo katikati inashuka taratibu tu, basi jibu lazima liwe kati ya 0.5 na 0.6. Kwa fomula ni ½ ln(8/5) + tan⁻¹(1) − tan⁻¹(½), ambayo ni 0.557 hivi. Imekaa ndani.

Ukipata 18.67 usianze kufuta kazi yako yote! Kalkuleta iko kwenye digrii, igeuze iwe redianzi. Nimeona mtoto kafuta kazi sahihi kwa ajili hiyo, iliniuma kwa kweli.

Na ukibadilisha x kuwa u, badilisha na limiti hapo hapo kabla hujaandika mstari wa pili.

Ile t = tan(x/2) niiweke wapi, rafiki yangu anaitumia kila mahali

Chini kabisa, mstari mmoja. Ni ya pale sin au cos zimekaa chini zikichanganyika na namba na njia nyengine zote zimegoma, mfano 1/(5 + 4cos x), ambayo kwa t inakuwa 2/(9 + t²), jadweli linamaliza: ⅔ tan⁻¹(t/3) + C, kisha rudisha t iwe tan(x/2). Lakini cos x/(5 + 4sin x) ukiipeleka huko utaandika ukurasa mzima, wakati juu pana dirivetivu ya chini na jibu ni ¼ ln(5 + 4sin x) + C. Mwambie rafiki yako azifanye hizo mbili kwa njia yake akiwa na saa mkononi.