Usimwombe mkuu wa hospitali kitu asichoweza kukupa

Barua yangu ya kwanza ilirudi baada ya wiki tatu. Pembeni mkuu wa hospitali alikuwa ameandika kwa kalamu: "Fungu letu halinunui vifaa vya shule. Waulize wizara yenu." Nilikasirika, nikaitia kwenye droo. Nilikuwa nimeomba jengo la mazoezi ya wanafunzi wauguzi, midoli minne ya mafunzo, vitanda sita, mashine ya kufyonza makohozi na kompyuta. Orodha ilijaza kurasa mbili.

Nafundisha wauguzi katika chuo kilicho uani mwa hospitali ya serikali, mashariki mwa Uganda, upande wa mpakani. Mtu akipita barabarani anaona lango moja na anadhani sisi ni nyumba moja. Kumbe sivyo. Tangu 1998 vyuo vya wauguzi vilihamishwa kutoka Wizara ya Afya kwenda Wizara ya Elimu, na hospitali zikabaki Afya. Wanafunzi wangu wanashinda wodini kwake, lakini kwenye vitabu vyake vya fedha hawapo. Akininunulia mdoli mmoja, mkaguzi wa hesabu atamuuliza yeye. Kwa hiyo yale maneno ya pembeni hayakuwa dharau, ulikuwa ukweli mtupu ambao mimi, na miaka yangu yote ya kufundisha, sikuwa nimeufikiria.

Aliyenifungua macho ni mzee wa stoo. Nilikwenda kwake kuomba glavu, nikamlalamikia. Akacheka: "Mwalimu, wewe umeomba pesa. Mkubwa hana pesa. Ana vyumba, ana vyuma vibovu, na ana sahihi yake. Omba hivyo." Kisha akanionyesha stoo ya zamani nyuma ya dobi, mita saba kwa nne, dirisha moja, ndani vitanda vilivyovunjika miguu na maboksi ya vifaa vilivyopitwa na muda.

Nikaingia kwa tamaa. Niliona ampuli za dawa zilizokwisha muda, nikasema hizi nazo nitazihitaji kwa mazoezi ya kuvuta dawa kwenye sindano. Mzee akakataa papo hapo. Dawa iliyokwisha muda inaorodheshwa, inafungiwa na kusubiri kuteketezwa, haitolewi kwa mtu. Na kweli siihitaji, maana kichupa chenye maji safi kinafundisha mkono uleule. Glavu, katheta na kanula za kuwekea dripu mshipani ni habari nyingine, mradi ziandikwe na zisirudi kwa mgonjwa.

Kabla ya kuandika tena, nilimwomba sista inchaji wa wodi ya watoto ruhusa ya kukaa pale siku tano na daftari. Sikuandika majina. Niliandika tu kila kanula iliyofunguliwa na mwanafunzi, na kama iliingia. Zilifunguliwa 31, zikaingia 13. Siku ya tatu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alimchoma mtoto mara tatu, mikono ikimtetemeka, na kanula ya nne ikaanguka sakafuni kabla hajaigusa ngozi. Mama wa mtoto hakusema neno. Alimgeuza mwanawe akampakata upande wa pili, mgongo ukatuelekea sisi. Inchaji akaja, akaweka kanula ya njano, ile ndogo, akaondoka.

Huyo binti hakuwa mvivu. Alikuwa hajawahi kuchoma kitu chochote kabla ya kumchoma yule mtoto. Darasani nilikuwa nimemchorea ubaoni.

Barua ya pili niliiandika Kiingereza, ndivyo ofisi zetu zinavyotaka, ikapitia kwa mkuu wa chuo, na nakala kwa mkuu wa wauguzi na kwa mzee wa stoo. Nakala hizo ni muhimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu mkubwa akishaisoma atawaita haohao wawili kuwauliza. Mwili wake kwa Kiswahili ni huu:

"Mheshimiwa Daktari,

Yahusu: Kuazimwa stoo ya zamani nyuma ya dobi kwa mazoezi ya wanafunzi wauguzi.

Naomba chuo kiruhusiwe kutumia chumba hicho siku za kazi, saa nane hadi saa kumi na moja mchana, baada ya wanafunzi kutoka wodini. Hospitali ikikihitaji tutakirudisha kwa taarifa ya mwezi mmoja. Siombi fedha.

Sababu ni hii. Kwa ruhusa ya inchaji nilihesabu siku tano katika wodi ya watoto: wanafunzi walifungua kanula 31, zikaingia 13. Zile 18 ni za hospitali, na kila moja ni mchomo uliompata mtoto au kifaa kilichotupwa bure. Mazoezi hayatamaliza tatizo hilo, kwani mkono wa sifongo haumfundishi mtu kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji. Utamfundisha mpangilio wa kazi, pembe ya sindano na kutotetemeka.

Darasa lina wanafunzi 48. Zoezi moja, tangu kupanga trei hadi kutupa sindano, huchukua dakika 15, na kila mmoja anahitaji matatu kabla ya kumgusa mgonjwa. Hizo ni saa 36. Tukiwa na meza mbili ni saa 18, yaani mchana sita.

Pia naomba kuazimwa vitanda viwili, stendi moja ya dripu na toroli moja vilivyo nje ya matumizi. Vitabaki kwenye rejista ya mali ya hospitali kwa namba zake, na vitaonekana wakati wa ukaguzi wa mwisho wa mwaka wa fedha. Tutavitengeneza kwa gharama ya chuo.

Tatu, naomba kanula, katheta, glavu na mipira ya dripu iliyopitwa na muda, ikitolewa kwa kusainiwa kwenye kitabu cha stoo. Siombi dawa.

Chuo kitaleta kufuli, rangi, taa na usafi. Kila mwanafunzi atakuwa na kadi, na inchaji ana haki ya kumkataza kuchoma asiye na sahihi yangu kwenye kadi hiyo. Siku ya Jumatano chumba kitakuwa cha wauguzi na wakunga wa hospitali, na mdoli wetu wa kumsaidia mtoto mchanga kupumua utakuwa mezani."

Ukurasa mmoja na kidogo. Alijibu kwa siku nne: "Imekubaliwa. Stoo ishughulikie." Baadaye aliniambia kilichomvuta si zile kanula 18, bali sentensi ya rejista ya mali. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa chuo kumwomba kitu na wakati huohuo kumwonyesha atakavyojibu akiulizwa kilikokwenda. Ile Jumatano nayo ilimpendeza mkuu wa wauguzi. Wakunga wake walikuwa na begi la kupulizia hewa na maski namba sifuri na moja, lakini pa kufanyia mazoezi hawakuwa napo. Mdoli ukiujaza maji unalegea na kulemea mkononi kama kichanga halisi, na unajua kama unapuliza sawa kwa kuangalia kifua kinavyopanda, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika. Maski ikivuja kifua hakipandi, hata ukikamua begi kwa nguvu zako zote.

Sasa nieleze huo mkono, kwa sababu watu wananiuliza sana, na mikono ya dukani bei yake sisi hatuiwezi. Tulinunua sifongo ya godoro sokoni Busia, tukakata vipande vya urefu wa mkono na kuchimba mfereji juu. Mwanzo nilitumia mpira wa dripu kuwa mshipa. Haukufaa. Ni mgumu, sindano inateleza pembeni, na mwanafunzi anajifunza kutumia nguvu, jambo ambalo wodini litatoboa mshipa upande wa pili. Katheta ya mkojo ya mpira laini iliyopitwa na muda ndiyo dawa yake. Funga ncha moja, ile nyingine iunganishe na mfuko wa dripu wenye maji yaliyotiwa rangi nyekundu, utundike mfuko juu kidogo tu ya meza, kisha funika kwa glavu iliyokatwa na kuvutwa ikakaza. Sindano ikiingia unahisi inapenya, na rangi inarudi kwenye kichumba cha kanula kama damu. Ukitundika mfuko juu mno, maji yanaruka kila tundu na meza inakuwa machinjio. Katheta ikianza kuvuja isogeze, na ikivuja kila mahali itupe. Kwa mazoezi ya kushona vidonda tunatumia mguu wa mbuzi wenye ngozi kutoka kwa mchinjaji, siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake chumba hakikaliki.

Palipotushinda mwanzoni ni maboksi. Mwezi wa pili sista mmoja wa zamu ya usiku aliishiwa glavu, akakumbuka chumba chetu, akachukua boksi. Glavu zile zilikuwa zimekwisha muda na nyingine zilipasuka zikivaliwa. Hakuna aliyedhurika, lakini ingekuwa kanula je? Nilikwenda mwenyewe kumweleza mkuu kabla hajasikia kwa wengine. Tangu siku hiyo kila kifaa kinachoingia kwetu kinapigwa mstari wa rangi nyekundu kwenye pakiti yenyewe, si kwenye boksi peke yake, kona ya pakiti inakatwa, na ufunguo ni mmoja, kwangu. Sindano za mazoezi pia huingia kwenye kisanduku cha sindano, hufungwa kikijaa robo tatu na kwenda tanuri la hospitali pamoja na vya wodini. Mwanafunzi akizoea kurudishia kifuniko kwenye sindano ya sifongo, atakirudishia pia kwenye ya mgonjwa.

Baada ya kundi la kwanza kumaliza kadi zao nilirudi wodi ya watoto na daftari lilelile, siku tano tena. Zilifunguliwa 22, zikaingia 14. Nyingi za zilizokosa zilikuwa kwa watoto waliokauka kwa kuhara, kama nilivyomwandikia. Namba hizo nilimpelekea mkuu kwa karatasi moja, bila ombi lolote. Nawashauri mfanye hivyo. Mtu aliyetoa chumba anapenda kujua kinafanya nini, na barua isiyoomba kitu husomwa haraka.

Bado hatuna sinki. Wananawa kwa ndoo yenye bomba, jambo ambalo kwa chumba cha kufundishia unawaji mikono linanitia aibu. Bomba la dobi liko mita tatu tu nyuma ya ukuta, na mzee wa stoo anasema fundi wa hospitali anaweza kulivuta. Lakini hiyo ni kazi ya fungu la matengenezo, na mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo barua ya sinki itatoka Oktoba, wakati mipango ya mwaka ujao inapoandikwa. Tayari nimepima ule ukuta.