Mtoto wa kwenye picha anageuka kulia, darasa linageuka kushoto

Walimu wenzangu wa madarasa ya chini, kama umewahi kubandika picha ya barabara ubaoni ukafundisha "tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia", huenda unalirudia kosa ambalo mimi nililifanya miaka mitatu bila kujijua.

Nafundisha Darasa la Pili katika shule iliyo pembeni ya barabara kuu ya lami, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Picha yangu niliipenda. Manila nyeupe, lami nimeikoza wino mweusi, kivuko chenye mistari, daladala moja, bodaboda mbili, na mtoto wa shule amesimama ukingoni ametuelekea sisi. Siku moja nikamwita binti mmoja mbele, nikamwambia anionyeshe upande wa kulia wa yule mtoto wa kwenye picha. Akanyoosha mkono upande wake yeye mwenyewe, bila wasiwasi wowote, na darasa zima likampigia makofi. Hapo ndipo nilipostuka. Mtoto aliyetuelekea, kulia kwake ni kushoto kwetu.

Kisha nikagundua kwamba hata mimi mwenyewe nilikuwa picha ya namna hiyohiyo. Nilikuwa nasimama mbele ya darasa, nimewapa uso, nageuza shingo kulia, nao wananifuatisha kama kioo: wote wanageuka kushoto huku wakiimba "kuliaaa". Wimbo uko sawa, shingo imeenda kwingine.

Na kwetu mpangilio huo wa kulia, kushoto, tena kulia una sababu yake. Tanzania, kama Kenya na Uganda, magari hupita kushoto, kwa hiyo ukisimama ukingoni gari la kwanza kukufikia linatokea kulia kwako. Ukishafika katikati, hatari inahamia upande wa kushoto. (Wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo magari yao hupita kulia, na kwao unaanza na kushoto. Ukipokea mwanafunzi aliyehamia kutoka huko, usimwone mzito. Mwili wake umezoea kanuni nyingine.)

Sasa niwaeleze ninavyofanya siku hizi. Natumia vipindi viwili mfululizo, kimoja hakitoshi, na ninaanzia uwanjani. Karatasi inakuja mwisho.

Uwanjani nachora barabara kwa chokaa, na isipokuwepo hata majivu yanafaa. Upana ni mita 7, karibu sawa na lami yetu ya hapo nje. Msichore kabarabara ka mita 2 kwa kubana nafasi, kwa sababu mtoto atakavuka kwa kuruka na atajifunza kwamba kuvuka ni jambo la kuruka mara moja. Katikati napitisha mstari, na mishale miwili mikubwa inayoonyesha magari yanakoelekea kila upande. Kivuko nakichora na kuwaambia wakikanyage kwa miguu yao. Hapo zamani, kwenye manila, mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nimelaza ngazi barabarani. Hakuwa anafanya utani. Picha inayotazamwa kutoka juu, kama vile wewe ni ndege, mtoto wa miaka saba hajaizoea, na anachokiona ni ngazi kweli.

Kuhusu kulia na kushoto, Kiswahili kimetusaidia: mkono wa kulia ndio wa kulia ugali. Wakiwa wamejipanga ukingoni nawaambia wote wafinye tonge la hewani, halafu watazame upande wa mkono ulioshika tonge. Hata yule kijana wangu anayeandika kwa kushoto alijua mara moja, maana nyumbani kwao naye ugali huula kwa mkono wa kulia. Mimi nakaa nao kwenye mstari, nimetazama wanakotazama wao. Siwapi uso tena.

Shingo kugeuka, hata hivyo, haimaanishi macho yameona. Hili lilinichukua muda kulitambua. Watoto hugeuza kichwa haraka kama wanaofukuza nzi, kisha wanavuka. Dawa niliyoipata ni ndogo. Naweka mtoto mmoja mbali upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto, kila mmoja ana kipande cha boksi chenye rangi, na wanabadilisha rangi kila mara. Anayevuka lazima aseme kwa sauti alichokiona: "Kulia nyekundu. Kushoto bluu. Kulia njano." Akibahatisha, wenzake wanamrudisha. Baadaye rangi zinaondoka na badala yake anasema "kulia bodaboda inakuja, nangoja". Mtoto anayesema alichokiona amelazimika kukitazama.

Baada ya hapo tunaigiza, na tukio ninalolipa muda mrefu kuliko yote ni moja tu: kushuka kwenye daladala. Wanafunzi wangu wengi wanajua kusubiri barabara iwe tupu. Wasichokijua ni kwamba barabara inaweza kuonekana tupu kwa sababu kuna kitu kikubwa kimesimama mbele ya macho yao. Kwa mtoto mdogo, gari asiloliona ni gari ambalo halipo.

Daladala yangu ni khanga mbili zilizofungwa pamoja. Watoto wanne wanaishika kwa pembe, mmoja ni dereva, mmoja konda, watatu abiria. Khanga lazima ishikwe juu ya kichwa cha mvukaji. Ikimfikia kifuani tu, somo limeharibika, maana anaona kila kitu. Nyuma ya daladala, kwa mbali, yuko bodaboda. Daladala inasimama ukingoni, konda anagonga, abiria wanashuka, na namwambia mmoja wao avuke kwenda nyumbani.

Mara ya kwanza karibu wote wanazunguka kwa mbele ya khanga na kuvuka. Bodaboda anaipita daladala, nami napuliza filimbi: wote mnaganda hapohapo. Namuuliza mvukaji, "Ulimwona?" Hakumwona. Namuuliza bodaboda, "Wewe ulimwona?" Naye hakumwona. Jibu hili la pili ndilo linalowashtua, kwa kuwa watoto huamini kwamba dereva ni mtu mzima na mtu mzima anaona kila kitu. Kisha nashusha khanga taratibu, na wale wawili wanajikuta wanatazamana umbali wa hatua mbili.

Mara nyingi hapo mtoto mwerevu anapendekeza apite nyuma. Mwacheni ajaribu. Akipita nyuma, upande wa kulia anauona vizuri, lakini sasa daladala iko kushoto kwake na inamficha gari linalotoka upande wa pili. Weka mtoto mwingine awe lori kwenye upande huo, puliza filimbi tena. Wakishajaribu mbele na nyuma, wenyewe watakwambia kilichobaki: kukaa pembeni mpaka daladala iondoke, ndipo uanze kutazama. Nimejaribu kuwaambia jambo hili kwa mdomo miaka iliyopita na halikushika.

Onyo la maigizo. Mwaka wa kwanza niliwaacha madereva wakimbie. Kijana mmoja akamvaa mwenzake kwa makusudi, binti akaanguka, akajilaza kama maiti, na darasa likaangua kicheko. Kufikia mapumziko ya saa nne mchezo wa shule nzima ulikuwa "kugongana". Tangu siku hiyo madereva wanatembea, hawakimbii, filimbi inalia kabla ya kugusana, na hakuna anayeigiza aliyekufa. Pia nafasi zinabadilishwa, la sivyo wavulana watakuwa madereva mwaka mzima na wasichana watabaki kuvuka. Nafasi ya trafiki nimeiondoa kabisa. Kila alipokuwepo, watoto walimtazama yeye badala ya barabara, na pale nje kwetu trafiki hayupo.

Kuna kitu kimoja cha kupima ambacho kinafaa zaidi kwa Darasa la Nne na kuendelea, ingawa wangu nao wanakifurahia. Mtoto anavuka zile mita 7 kwa kutembea kawaida, wenzake wanahesabu sekunde. Wengi wangu wanatumia kama 7 au 8. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi, linakimbia karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde 7 limeshakula kama mita 98. Nampeleka mtoto mmoja mpaka mita 100, karibu urefu wa kiwanja cha mpira kutoka goli hadi goli, anasimama huko ananyoosha mkono. "Gari likiwa pale alipo mwenzenu, ukianza kuvuka sasa mtafika pamoja." Huwa wanakaa kimya. Siwategemei wakadirie mwendo wa gari, umri wao bado. Nataka wajue tu kwamba gari linaloonekana dogo kule mbali si gari la mbali.

Picha inakuja siku ya pili. Manila ileile, lakini sasa naitandaza sakafuni na watoto wanaizunguka pande zote, wengine kwenye ukingo huu wa barabara, wengine ule. Kizibo cha soda ndiye mtoto, boksi la kiberiti ndiyo daladala. Anayesogeza kizibo anakaa nyuma yake, upande uleule kilikotoka, hivyo kulia kwa kizibo ni kulia kwake. Darasa lenye watoto themanini linahitaji manila sita au saba, na zikikosekana chora sakafuni kwa chaki.

Wiki moja baadaye nilikaa chini ya mwembe ulio karibu na kivuko wakati wa kutoka shule, nikijifanya nasahihisha madaftari. Waliokuwa peke yao wengi walisimama na kutazama, wawili watatu wakisema kimoyomoyo midomo ikicheza. Waliokuwa kundi walikuwa hadithi nyingine: wa mbele alitazama, sita wa nyuma wakamfuata kama vifaranga, na wa mwisho alivuka wakati pikipiki imeshakaribia. Kwa hiyo sasa tunaigiza kundi pia. Kila mmoja anasema cha kwake, na asiyewahi anabaki ukingoni hata rafiki yake akimwita kutoka ng'ambo.

Na hapo kwenye kuita ndipo nilipokwama, kwa sababu wanaoita zaidi ni wazazi. Mama amesimama ng'ambo, anamwona mwanawe, anapunga mkono: "Njoo!" Mtoto akisikia sauti ya mama hana tena kulia wala kushoto. Kikao cha wazazi kilichopita niliwatoa akina mama wawili uwanjani, nikawaweka kwenye mstari wa chokaa, khanga ikashikwa, nikawaomba wamwite mtoto kama wanavyomwita kila siku. Mmoja aliita mara moja tu. Filimbi ilipolia akavuka yeye mwenyewe, akaenda kumshika mtoto mkono.