Kazi ikimponyoka mwenzako, asigeuke mwomba nauli nyumbani kwake

Barua ya kuachishwa kazi inauma, lakini siku ile mtu huwa bado ana watu wa kumpa pole. Fahari yake huvunjika baadaye, kwenye wiki ya tatu au ya nne, pesa ya mfukoni inapokwisha na inambidi asimame mbele ya mwenza wake aseme, "Naomba nauli." Hata akipewa kwa upendo, ameomba. Kesho ataomba tena, na keshokutwa ataona afadhali asitoke. Mwenzake naye, anayeona kila senti ikipita mikononi mwake peke yake, ataanza kuuliza "ya nini?" bila nia mbaya. Ugomvi mwingi unaoitwa wa kiburi huanzia hapo, kwenye jinsi pesa inavyopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hilo ni jambo linaloweza kupangwa, na ni vizuri lipangwe kabla ya mtu yeyote kulazimika kuomba.

Habari yenyewe isemwe siku hiyohiyo. Anayeficha, akaendelea kuvaa na kutoka asubuhi kama kawaida, huwa anataka kumlinda mwenzake, lakini anakula akiba bila mwenzake kujua, na ukweli ukitoka kunakuwa na majeraha mawili badala ya moja. Hesabu, hata hivyo, zisubiri. Usiku wa kwanza ni wa kusikilizana tu. Kaeni na karatasi ndani ya juma la kwanza, mkiwa mmelala na kushiba, na ikiwezekana kabla malipo ya mwisho hayajaingia.

Kabla ya kusaini chochote kutoka kwa mwajiri, someni pamoja mambo machache: siku alizofanya kazi na hazijalipwa, malipo ya notisi, siku za likizo zilizobaki, kiinua mgongo kama kipo kwenye mkataba au sheria inakidai, na makato, hasa kama kuna mkopo uliochukuliwa kupitia kazini. Ulizeni pia bima ya afya inakoma tarehe gani. Watu hukumbuka swali hilo mtoto akiwa tayari na homa.

Sasa hesabu. Tuseme kila mwezi nyumba hii iliingiza mafungu 100 ya pesa, yaani 55 kutoka kwa aliyepoteza kazi na 45 kutoka kwa mwenzake. Matumizi yalikuwa 95: kodi ya nyumba 25, chakula 22, rejesho la mkopo 15, mavazi na burudani na mengineyo 12, usafiri 8, msaada kwa ndugu 8, na ada 5. Akiba yao pamoja na malipo ya mwisho ni mafungu 120.

Ukiangalia 120 unaona pesa nyingi, na hapo ndipo watu hupotea. Wasipobadilisha lolote, kila mwezi watapungukiwa na 50, kwa kuwa 95 ukitoa 45 inabaki 50. Gawanya 120 kwa 50, unapata miezi miwili na siku chache juu ya kumi. Muda huo ni mfupi sana kwa mtu anayetafuta kazi nzuri, na hofu yake itamfanya akubali ya kwanza inayojitokeza, au atie malipo yote kwenye biashara asiyoijua.

Wakipunguza mapema, picha inabadilika. Wanamwendea mkopeshaji kabla ya rejesho la kwanza kukwama na kuomba muda wa kulipa urefushwe. Rejesho likishuka kutoka 15 hadi 6, wameokoa 9. Mengineyo yanatoka 12 hadi 4, chakula 22 hadi 18, usafiri 8 hadi 4, msaada kwa ndugu 8 hadi 3. Kodi na ada haziguswi. Jumla wameokoa 30, matumizi yamekuwa 65, na pengo la mwezi ni 20. Zile 120 sasa zinafika miezi 6. Hapo katikati kunaweza kupatikana kibarua kidogo kikasogeza mambo mbele zaidi, lakini msikitie kwenye hesabu kabla hakijalipa.

Angalieni agizo moja ndani ya hesabu hiyo: mkopeshaji aendewe kabla. Anayekuja na barua ya kuachishwa kazi huku akiwa hajakosa rejesho hata moja huwa na nafasi nzuri ya kusikilizwa kuliko anayetafutwa kwa simu baada ya kukwama. Ulizeni pia urefushaji utaongeza riba kiasi gani kwa jumla, maana kwa kawaida unaongeza. Kosa kubwa kuliko yote ni kuziba pengo kwa mikopo midogo ya simu. Riba yake hutozwa kwa muda wa siku chache tu, na inakula zile 120 kimyakimya.

Tukirudi kwenye nauli: katika yale mafungu 4 ya "mengineyo", tengeni 2 kwa kila mmoja kama pesa ya mfukoni. Ziwe sawasawa. Kuna wanaosema anayefanya kazi anastahili zaidi. Tunaona wanakosea, kwa sababu siku ile mlipoanza kugawa kwa kufuata nani ameleta, mmeshamwambia mwenzenu thamani yake ni sifuri. Pesa hiyo iingie mkononi au kwenye simu ya kila mmoja siku ileile ya mshahara, bila kuombwa, na isitolewe maelezo. Akinywa soda na rafiki, ni yake. Gharama za kutafuta kazi, yaani nauli ya usaili, kuchapa nyaraka na vifurushi vya intaneti, zisitoke humo. Ziwe kwenye fungu la usafiri, nalo alishike yeye mwenyewe. Akaunti ya akiba waione wote wawili. Anayefanya kazi akiwa peke yake na nywila, amekuwa bosi bila kutaka.

Mnajuaje mpango umeharibika? Mmoja ameanza kuficha risiti, au ameacha kwenda mahali kwa kisingizio cha kuchoka wakati kisa ni nauli, au sentensi "hela yangu" imerudi ndani ya nyumba. Mkiona moja kati ya hayo, rekebisheni mafungu. Msianze kuhukumiana tabia.

Jambo la pili linalojeruhi ni swali la kila jioni: "Vipi, umepata?" Anayeuliza anaonyesha kujali, au anatuliza hofu yake. Anayeulizwa anasikia mtihani alioufeli tena leo. Watafiti wa Marekani Vinokur, Price na Caplan walifuatilia watafuta kazi pamoja na wenza wao katika miaka ya 1990, na wakaona mnyororo huu: shida ya pesa iliwashusha moyo wote wawili, na mwenza aliyeshuka moyo alipunguza msaada na kuongeza maneno ya kukosoa, jambo lililozidi kumshusha mtafuta kazi. Kwa hiyo maneno makali hayo mara nyingi hutoka kwa mtu mwenye hofu, wala si dalili kwamba upendo umekwisha.

Dawa yake ni kikao kimoja kwa juma, siku na saa moja isiyobadilika, kwa dakika 30 hadi 45. Kianze na pesa: imetumika ngapi, imebaki ngapi, miezi mingapi mbele. Kisha aliyepoteza kazi aeleze mwenyewe maombi aliyotuma na majibu yaliyorudi. Mwishoni anayefanya kazi naye aseme kinachomlemea. Nafasi hii ya mwisho husahaulika. Anayebeba nyumba peke yake ana hofu ya kuugua au ya kupoteza kazi yake pia, na asipopata mahali pa kuisema itatokea kwenye vyombo visivyooshwa. Nje ya kikao, habari za kazi zinaletwa na yule anayetafuta, akitaka.

Vyombo navyo vina mambo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kundi la watafiti akiwemo Marie Jahoda lilichunguza maisha ya watu wa Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Walipima hata mwendo wa watu barabarani. Wanaume wasio na kazi walitembea polepole na kusimamasimama, ilhali wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaachia siku, walitembea upesi zaidi. Saa zikikosa umbo, mtu naye hulegea. Ndiyo maana kumwambia "pumzika tu, usijali" kwa miezi kadhaa si huruma.

Mpeni kazi kamili, si vipande vya kusaidia. "Asubuhi za watoto ni zangu, kuanzia kuwaamsha hadi wafike shule" ni kazi kamili. "Nisaidie hapo" ni agizo. Aliyeikabidhi asirudi nyuma kukagua jinsi shati lilivyopasiwa. Lakini msimrundikie kila kitu kwa kuwa "yuko nyumbani tu". Atahitaji saa 3 au 4 za asubuhi, siku 5 za juma, ambazo ni za kutafuta kazi, na saa hizo ziheshimiwe kama za ofisini. Kinachoharibika kwa kawaida ni kwamba kila mwenye fundi wa kumsubiri au mgonjwa wa kumsindikiza humpigia yeye.

Kwa ndugu, habari ipelekwe na aliyepoteza kazi, kwa maneno mliyokubaliana: "Kazi imeisha mwezi huu, tumejipanga, msaada wetu utapungua hadi hali itengemae." Mwenza akitangulia kusema, hata kwa mama yake mzazi, amemvua nguo mwenzake hadharani.

Kuna hali ambayo bajeti haiiwezi. Kwa zaidi ya wiki mbili hapati usingizi au hafanyi lolote ila kulala, hataki kuoga wala kuonana na mtu, pombe imeongezeka, au anasema "mngekuwa nafuu bila mimi." Maneno hayo ya mwisho yasipite. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, ondoeni anavyoweza kujidhuru navyo, na mwende kwa mtoa huduma ya afya siku hiyohiyo.

Na kazi ikipatikana, msirudi kwenye 95 mwezi wa kwanza. Mishahara ya mwanzo huweza kuchelewa, na kipindi cha majaribio huweza kuishia njiani. Kaeni kwenye 65 kwa miezi 3. Kama mshahara mpya ni 40 badala ya 55 ya zamani, kila mwezi nyumba itaingiza 85 na kubakiza 20. Zigawanywe kati ya akiba iliyoliwa na mkopo uliorefushwa, na pesa ya mfukoni ibaki sawasawa kwa wote wawili kama ilivyokuwa.