Bwana harusi anyoe lini?

*Swali: Fundi, shikamoo. Ndoa yangu ni Jumamosi alasiri, Mikindani. Mimi nanyoa pembeni sifuri, juu namba mbili, na ndevu nazitoa. Mpambe wangu ana afro kubwa. Tuje kwako wiki moja kabla au Ijumaa?*

Marahaba, na hongera. Wewe njoo Alhamisi jioni. Mpambe wako aje Alhamisi ya wiki iliyotangulia.

Nywele huota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, yaani milimita mbili hadi tatu kwa wiki. Ukinyoa wiki moja kabla, juu, ulikoacha namba mbili, hakuna atakayegundua. Pembeni, ulikoanzia sifuri, ngozi yote itakuwa imeshafunikwa na ule mchoro uliopungua taratibu kutoka juu kwenda chini utakuwa umepotea. Siku mbili hazitoshi kuuharibu, ila zinatosha ngozi kutulia. Ijumaa pia ni foleni: watu wanataka kuwahi swala, na jioni kila mwenye shughuli yuko kwenye kiti.

Kinachoniogopesha mimi ni wembe. Nywele zetu zimejikunja. Wembe ukizikata chini ya usawa wa ngozi, ncha inapoota inajipinda na kuchoma ngozi kwa ndani, na vipele huonekana zaidi siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo aliyepitishwa wembe Alhamisi anaweza kuvimba shingo Jumamosi, kanzu imevaliwa na kamera ziko tayari. Mwambie fundi achonge kingo kwa mashine tupu, asiikandamize, na kisogoni asiguse wembe kabisa. Ndevu nazo zisubiri Jumamosi asubuhi, kwa mashine pia. Kivuli kidogo kitabaki kidevuni. Nakipenda kuliko vipele.

Kama hujui ngozi yako ina tabia gani, nyoa hivyohivyo wiki tatu kabla, kwa fundi yuleyule, kisha jipapase shingoni siku ya tatu. Ukikuta vinundu vinavyouma, usivipitishie kitu mpaka vikauke.

Kwa afro, siku tisa ni salama kwa sababu nyongeza ya milimita tatu haionekani kwenye nywele za sentimita kumi, na upande uliokatwa zaidi unaweza kusawazishwa mapema. Aje nywele zimeoshwa na zimekauka zenyewe. Fundi akizinyoosha kwa draya kwanza, atakata umbo ambalo unyevu wa hewa ya pwani utalivunja: nywele zitajikunja tena, na pale zinapojikunja zaidi pataonekana shimo. Jumamosi asubuhi azichane kwa kitana cha meno mapana, na nitamgusia kingo za masikioni kwa mashine, dakika tano tu. Juu sigusi.