Benki Santrali ikipandisha enteresi, je farini itashuka?

"Papa, mimi nauzisha farini ku soko ya Kenya hapa Lubumbashi. Mu 2023 nilisikia mu redio Benki Santrali imepandisha enteresi mpaka 25% juu ya kupiganisha enflasio. Kufanya kredi ikuwe kali, njo itashusha bei namna gani? Na wakisema enflasio imeshuka, mbona mfuko haushuki?"

Mama, tomati ikipanda juu barabara imeharibika, lakini mafuta, sabuni na nauli vinabaki pale pale, hiyo ni shida ya tomati, haiko enflasio. Enflasio ni pale vitu vingi vinapanda pamoja na havikatiki kupanda, ni kusema faranka yenyewe njo inapoteza nguvu. Watu wa takwimu wanachukua kapu ya vitu vya nyumba nzima, chakula, nauli, makaa, masomo, wanaangalia leo kapu hiyo inalipwa ngapi na mwaka jana ililipwa ngapi. Kama ilikuwa 100,000 na leo ni 124,000, enflasio ni 24%, na mwisho wa 2023 kwetu ilikuwa karibu hapo.

Sasa tukamate mfuko wako. Tuseme unaupata Kasumbalesa kwa dola 12, bei hii naiweka tu juu ya hesabu. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu faranka 2,000, kwa hiyo mfuko ulikuwa 24,000. Mwisho wa mwaka ule dola ilishapita 2,500. Mfuko ni ule ule, Kasumbalesa bado wanakuuzia dola 12, lakini sasa unahesabu 30,000. Imepanda 25% na hakuna mutu aliyekuongezea hata dola moja. Kwetu sehemu kubwa ya enflasio inapita mu mlango huo, juu vitu vingi tunavyokula na kuvaa vinatoka inje na vinalipwa kwa dola, hata mwenye nyumba anaomba dola.

Basi nani anasukuma dola ipande? Kuko sababu mingi, ila moja njo inagusa ulizo lako. Nilikaa miaka ku ofisi ya kredi mu benki moja ya hapa, na nilikuwa naona mutu anafata kredi ya faranka asubuhi, saa sita iko kwa wakambisti anainunulia dola. Haiko mujinga, anajua hesabu. Tuifanye na sisi: unakopa faranka 2,000,000, dola iko 2,000, unanunua dola 1,000 unaziweka. Mwaka ukiisha dola iko 2,500, unauzisha zile dola unapata 2,500,000. Kama enteresi ilikuwa 11%, unarudisha 2,220,000, na 280,000 inabaki mu mfuko yako na haukufanya kazi yoyote. Haukulima, haukuleta mzigo, umekaa tu. Na kila mutu anayefanya hivyo anauzisha faranka na anatafuta dola, kwa hiyo dola inapanda zaidi na mfuko wako nao unapanda.

Sasa weka enteresi 25%. Ukikopa 2,000,000 unarudisha 2,500,000. Faida ni zero! Ule mchezo unakufa wenyewe, hakuna haja ya polisi kufukuza wakambisti. Agosti 2023 Benki Santrali ilitoka 11% ikaruka 25% mara moja, watu wengi walishangaa, lakini kama dola inapanda karibu 25% kwa mwaka, enteresi ya 11% ni sawa vile kugawia watu dola za bure.

Uelewe tu kitu kimoja, ile enteresi haiko ile wewe unalipa. Ni bei ambayo Benki Santrali inakopesha benki zingine, na ni mikopo ya siku kidogo, siku moja ao wiki, mimi nimeweka mwaka juu hesabu ionekane vizuri. Ikipanda, benki nazo zinapandisha kwa wateja na wanaokopa faranka wanapunguka. Na mwenye faranka zake anaweza kuona afazali aziache mu depoti zizae kuliko kukimbilia dola.

Inje kazi ni ile ile ila inapita njia ingine. Amerika, enflasio yao ilifika 9.1% mu Juni 2022, na benki santrali yao ilitoa enteresi karibu na zero mu Machi 2022 ikaifikisha zaidi ya 5% mu Julai 2023. Kule watu wananunua nyumba na gari kwa kredi, na kredi ni ya dola yao wenyewe, kwa hiyo ikikuwa kali wanaacha kununua, wauzaji wanaogopa kupandisha bei. Watu wanaumia kweli, wengine wanakosa kazi, dawa ile haiko tamu.

Kwetu dawa inafika nusu nusu. Karibu kredi yote na depoti yote mu benki zetu ni ya dola, na Benki Santrali yetu haiamrishi enteresi ya dola, kwa hiyo kama deni lako ni la dola ile 25% ilikupita pembeni. Tena kama serikali inatumia kuliko inavyoingiza, na shimo linajazwa na faranka mpya, enteresi haitafanya kitu. Wazee wanakumbuka Zaire: mu 1993 walitoa noti ya milioni 5, na mu 1994 enflasio ilipita 9,000%. Na ukame je? Zambia walikosa mvua mu 2024, mahindi ikapotea, hapo hata enteresi ya 100% haileti hata kilo moja ya mahindi.

Ulizo lako la pili ni rahisi, ila njo linachanganya watu sana. Enflasio ikishuka toka 24% mpaka 10%, mfuko wa 30,000 unaenda 33,000. Bado unapanda, ila polepole. Gari imepunguza mbio, haijarudi nyuma. Juu ushuke kweli, lazima dola yenyewe ishuke ao mahindi yajae, na hata dola ikishuka kuko wauzaji wenye mzigo walionunua na dola ya bei ya juu, hawataki kupoteza, wanangojea uishe kwanza. Wewe pia Mama ungefanya vile, usikatae.

Kama unataka kujua wewe mwenyewe nini inapandisha farini yako, andika mu kaye kila wiki bei mbili: dola ngapi Kasumbalesa, na faranka ngapi ku soko. Bei ya dola ikibaki 12 na bei ya faranka inapanda, shida ni ya faranka, hapo enteresi inaweza kusaidia. Bei ya dola ikitoka 12 ikaenda 16 na dola ku wakambisti haijasogea, shida iko ku mashamba, ku barabara ao ku duane, usingojee kitu toka Benki Santrali.