Jibu: orodha ya majirani au matriksi kwa ramani ya barabara za Kampala?

"Wakuu, nina mradi wa kutafuta njia fupi kwa boda boda hapa Kampala. Tulifundishwa kwamba matriksi ni ya haraka, kwani kuuliza kama kiungo kipo ni hatua moja tu. Lakini nikiijaza, laptopu inaganda. Nitumie matriksi au orodha ya majirani?"

Ndugu yangu, tumia orodha. Acha nikueleze sababu, maana nilikwama palepale ulipokwama wewe, na baadaye kwenye kazi ileile matriksi ikanifaa sana.

Tulikuwa tunapeleka unga kutoka ghala la Nakawa kwenda madukani, Kampala na pembeni mwake Wakiso. Nilichukua barabara kutoka OpenStreetMap, nikaondoa nukta zinazochora kona tu, nikabaki na makutano kama 60,000 na viungo kama 150,000. Barabara ya kwenda na kurudi nimeihesabu viungo viwili. Nikaandika hivi bila kufikiri:

```cpp
vector<vector<int>> d(n, vector<int>(n, INF));
```

Laptopu yangu ilikuwa na gigabaiti 8. Taa ya diski ikawaka bila kuzima, kipanya kikaganda, kisha kwenye skrini likatokea neno moja, `Killed`. Piga hesabu uone kwa nini. Matriksi ina kisanduku kwa kila jozi ya makutano: 60,000 mara 60,000 ni visanduku bilioni 3.6, kila kimoja baiti 4, jumla gigabaiti 14.4. Nikajaribu kuikwepa kwa safu moja ndefu ya `n*n`, nikapewa ukubwa wa `-694967296`. `int` ya biti 32 inaishia 2,147,483,647, kwa hiyo ukishapita nodi, yaani makutano, 46,340 zao lenyewe halitoshi humo. Ukiona ukubwa hasi, tatizo ni hilo, na kubadili aina ya namba hakutakuletea kumbukumbu zaidi.

Sasa tazama kilichomo ndani ya hivyo visanduku. Viungo 150,000 kati ya bilioni 3.6 maana yake ni kwamba katika kila visanduku 24,000 kimoja tu kina barabara. Vingine vyote vinasema "hakuna njia". Makutano ya Wandegeya hayana njia ya moja kwa moja kwenda Ggaba, wala Kajjansi, wala Kireka, na matriksi inalipia kila moja ya hizo "hakuna".

Orodha inaandika kilichopo tu. Mimi niliipanga kwa safu tatu: `mwanzo` inaonyesha majirani wa kila nodi wanaanzia wapi, na nafasi moja ya ziada mwishoni inaonyesha wa nodi ya mwisho wanaishia wapi, `jirani` ina namba za majirani wote mfululizo, na `uzito` ina mita. Safu ya kwanza ni kilobaiti 240, mbili zilizobaki ni kilobaiti 600 kila moja. Jumla megabaiti 1.44. Ni mara 10,000 chini ya ile matriksi.

Turudi kwenye hoja ya hatua moja, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Ni kweli matriksi inajibu "je, u na v zimeungana?" kwa kusoma kisanduku kimoja, na orodha inabidi ipitie majirani wa u. Lakini makutano ya barabara yana majirani wangapi? Watatu, wanne, mara chache watano. Wanakaa pamoja kwenye kumbukumbu, kwa hiyo prosesa ikimvuta mmoja kwenye kache kwa kawaida inawavuta wote. Kile kisanduku kimoja cha matriksi kipo mahali fulani ndani ya gigabaiti 14, karibu kila mara nje ya kache, na prosesa inakingoja. Hapo hatua moja haina ushindi wowote.

La pili ni zito zaidi: algoriti ya Dijkstra, ile inayotafuta njia fupi, haiulizi swali hilo kabisa. Inauliza "kutoka hapa naweza kwenda wapi?" Kwa matriksi, jibu ni kupekua mstari mzima wa visanduku 60,000 ili kupata barabara tatu. Safari ikigusa ramani yote, umepekua visanduku bilioni 3.6. Kwa orodha umetazama viungo 150,000, basi.

Sasa upande wa pili. Tulikuwa na vituo 300, ghala likiwemo, na nilihitaji umbali kutoka kila kimoja hadi kila kingine. Kwenda na kurudi havilingani, kwa sababu mjini kuna barabara za njia moja. Hii ni grafu nyingine kabisa: kila nodi imeungana na zote. Kwa mazoea nikaiweka nayo kwenye orodha. Kisha programu ikaanza kupanga mzunguko wa madereva, ikibadilisha nafasi za maduka mawili na kupima kama safari imefupika. Kazi hiyo yote ni swali lile moja, "kutoka u hadi v ni mita ngapi?", mamilioni ya mara. Kila swali lilipitia majirani 150 kwa wastani. Nilipohamia matriksi likawa `d[u*300+v]`, na mpango niliokuwa nikiungoja hadi chai ipoe ukawa unatoka kabla sijaketi vizuri.

Hata kumbukumbu ilipungua. Matriksi ya 300 kwa 300 ni kilobaiti 360, orodha ilikuwa karibu 720, kwa sababu orodha inaandika umbali pamoja na jina la jirani, ilhali kwenye matriksi jina la jirani ni nafasi ya kisanduku chenyewe. Hapo ndipo penye mpaka: kiungo cha orodha ni baiti 8, kisanduku ni baiti 4, kwa hiyo matriksi inaokoa nafasi viungo vikizidi nusu ya visanduku vyote. Ukihitaji ndiyo au hapana tu bila umbali, kisanduku kinashuka hadi biti 1 na jirani anabaki baiti 4, basi mpaka unashuka hadi 1 kwa 32. Barabara zako hazifiki popote karibu na hapo: hata kwa biti, nodi 60,000 ni megabaiti 450.

Orodha inaumia pale grafu ni tupu kwa jumla lakini ina nodi chache zenye majirani wengi kupindukia. Niliona hilo kwenye grafu ya mawakala wa pesa za simu na wateja wao: wateja wengi wana mawakala wawili watatu, lakini wakala mmoja wa sokoni ana wateja 8,000. Kuwapekua mmoja mmoja ni kuchelewa. Panga majirani kwa namba mara moja, kisha utafute kwa kugawa nusu:

```cpp
bool kipo(int u, int v) {
    auto a = jirani.begin() + mwanzo[u];
    auto b = jirani.begin() + mwanzo[u + 1];
    return std::binary_search(a, b, v);
}
```

Kwa wateja 8,000 ni kama milinganisho 13. Na ikiwa kiungo kinahesabika pande zote mbili, anza na mwenye majirani wachache: muulize mteja, si wakala.

Angalizo moja la safu tatu: kuongeza kiungo katikati kunasukuma vyote vilivyo mbele yake. Kwa barabara halikunisumbua. Mvua ikifurika Bwaise sifuti kitu, naweka `uzito` wa viungo vile kuwa `INF`, na maji yakipungua narudisha mita zake. Hakikisha tu, kabla ya kujumlisha, kwamba uzito si `INF`, la sivyo jumla itafurika iwe hasi na Dijkstra itawapeleka madereva wako wote Bwaise.